Taa ya daka isiyobabaika magharibi: kukokotoa vizingiti viwili vya komparata yenye histeresisi

Mzunguko wa taa inayojiwasha giza likiingia unajulikana na kila fundi: LDR inapima mwanga, komparata inalinganisha volti yake na volti ya rejea, na mosfeti au relei inawasha taa. Mchana hauna tatizo, na usiku wa manane pia hauna tatizo. Shida huja robo saa hivi baada ya adhana ya Magharibi, pale mwanga unapopita polepole kwenye kiwango cha kuwashia. Taa inapepesa, relei inatatarika, na baada ya miezi michache ncha za relei zimeungua. Wengi hubadilisha LDR, na jioni ya pili mambo ni yale yale.

Mwongozo huu unatengeneza taa ya LED ya volti 12 kwa daka la nyumba ya Lamu, inayotumia betri ya sola. Tutakokotoa vizingiti vyote viwili kwa namba, kisha tutatia kelele kwa makusudi mezani ili tuone kwa macho mzunguko unaikataa vipi, na unashindwa wapi.

Kwa nini inapepesa

Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu wima na utusitusi ni mfupi. Kutoka jua kuzama mpaka giza la kuhitaji taa ni kama dakika 20 hadi 25, na katika muda huo mwanga unashuka zaidi ya mara mia. Hiyo inasikika kama kasi kubwa. Lakini ukiigeuza kuwa volti kwenye kigawanyo cha LDR kinachotumia volti 12, karibu na kiwango cha kuwashia utapata mteremko wa takriban milivolti 7 kwa sekunde. Kwa komparata, hiyo ni mwendo wa kobe.

Sasa ongeza kelele. Waya wa LDR unapanda mita kadhaa hadi juu ya ukuta, unapita karibu na inveta, na taa ya jirani inayotumia stima ya hezi 50 inapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Chukua kelele ya milivolti 100 toka kilele hadi bonde. Ishara inayoshuka milivolti 7 kwa sekunde itachukua sekunde 14 kuvuka ukanda huo. Katika sekunde hizo 14 kelele ya hezi 100 inapanda na kushuka mara 1,400, na kila mara inavuka rejea kwenda na kurudi. Komparata ya LM393 inajibu ndani ya mikrosekunde moja au mbili, kwa hiyo haikosi hata mvuko mmoja. Inafanya kazi yake sawasawa. Tuliyoikosea ni kuipa rejea moja isiyosogea.

Dawa ni kuifanya rejea isogee mbali na ishara mara tu komparata inapobadilika. Ikishawasha, rejea inapanda, na ishara italazimika kurudi juu umbali mzima ndipo taa izime. Umbali huo ndio histeresisi, na humu tutauita pengo.

Vifaa na waya

Tafuta LM393 moja, mosfeti ya IRFZ44N, LDR ya aina ya GL5528, rezista mbili za 10k (R1 na R2), moja ya 100k (R3), moja ya 4.7k (R4), moja ya 10k ya kukaa chini ya LDR (R5), moja ya 100 Ω ya geti, kapasita ya 100 nF na nyingine ya 10 µF, na fyuzi ya ampea 1. Taa ya wati 5 inakula kama ampea 0.4 tu, kwa hiyo mosfeti haihitaji bati la kupoozea.

```
LDR : +12V -> pini 2      R5 : pini 2 -> ardhi
R1  : +12V -> pini 3      R2 : pini 3 -> ardhi
R3  : pini 1 -> pini 3    R4 : +12V -> pini 1
100 Ω : pini 1 -> geti ya mosfeti
pini 8 -> +12V    pini 4, 5, 6 -> ardhi
100 nF : pini 8 -> pini 4, karibu kabisa na chipu
```

Sosi ya mosfeti inakwenda ardhini, na dreni inakwenda upande hasi wa taa. Upande chanya wa taa unatoka kwenye fyuzi. Pini 7 iachwe wazi, kwa kuwa nusu ya pili ya chipu hatuitumii.

R4 isisahaulike. Pato la LM393 linaweza kuvuta chini tu, haliwezi kusukuma juu. Bila R4, pini 1 haitafika volti 12 na taa haitawaka vizuri. Usiiweke ndogo mno pia: chipu hii inahakikishiwa kuvuta milliampea 6 tu, na kwa 4.7k tunaitaka ivute kama 3 tu hata betri ikiwa imejaa.

Mwenendo wake ni huu. Mchana LDR ina ukinzani mdogo, pini 2 iko juu ya rejea, pato liko chini, taa imezimwa. Giza linapoingia, ukinzani wa LDR unapanda, pini 2 inashuka chini ya rejea, pato linapanda, mosfeti inafungua, taa inawaka.

Kukokotoa vizingiti

Rejea yetu ni volti ya pini 3. Inavutwa na rezista tatu: R1 kutoka volti 12, R2 kutoka ardhini, na R3 kutoka popote pato lilipo. Pato likiwa chini, R3 inasimama sambamba na R2 na kuivuta rejea chini. Pato likiwa juu, R3 pamoja na R4 zinasimama sambamba na R1 na kuivuta juu. Hakuna zaidi ya hapo, na ndiyo maana fomula zote mbili zina umbo moja:

```
V_chini = (Vcc/R1) / (1/R1 + 1/R2 + 1/R3)

V_juu   = (Vcc/R1 + Vcc/(R3+R4)) / (1/R1 + 1/R2 + 1/(R3+R4))
```

Tia namba, ukihesabu rezista kwa kilo-omu. Kwa kizingiti cha chini, juu ya mstari ni 12/10 = 1.2, na chini ni 0.1 + 0.1 + 0.01 = 0.21. Jibu ni 5.71 V. Kwa kizingiti cha juu, R3 na R4 zinajumlishwa kuwa 104.7k. Juu ya mstari ni 1.2 + 0.1146 = 1.3146, na chini ni 0.2 + 0.00955 = 0.20955. Jibu ni 6.27 V. Pengo ni 0.56 V.

Pato likiwa chini halifiki sifuri kamili, linabaki na kama volti 0.2. Hilo linapandisha kizingiti cha chini kwa milivolti 10 hivi, jambo ambalo rezista za asilimia 5 zitalimeza bila wewe kujua. Lipuuze.

Ukitaka kwenda kinyume, yaani unajua pengo unalotaka na unatafuta R3, kuna njia ya mkato inayotosha kwa kazi ya fundi. Chukua R1 na R2 zikiwa sambamba (hapa 5k), uite Rp:

```
R3 ≈ Rp × (Vcc/pengo − 1)
```

Kwa pengo la volti 1 inatoka 5 × 11 = 55k, kwa hiyo utanunua 56k.

Je, pengo la 0.56 V ni kiasi gani cha mwanga? LDR ya aina hii ukinzani wake hauendi sawa kwa sawa na mwanga. Kwenye vizingiti hivi viwili uwiano wa ukinzani ni kama 1.2, na kwa mwanga hiyo inakuwa takriban theluthi moja zaidi. Maana yake, taa ikishawaka, mwanga lazima uongezeke kwa theluthi hivi kabla haijazima. Jioni ya Lamu mwanga unapita theluthi hiyo kwa dakika moja na ushei.

Betri ya sola haikai volti 12, nayo chaja ikifanya kazi hufika 14.4. Vizingiti vitapanda kuwa 6.86 V na 7.53 V, lakini ishara ya LDR nayo itapanda kwa kiasi kile kile kwa sababu inatoka kwenye waya ule ule. Kiwango cha mwanga cha kuwashia hakibadiliki. Ndiyo maana hapa hatuweki zena kwenye rejea, ingawa inaonekana kama uboreshaji. Ukiifunga rejea kwa zena na kuiacha LDR kwenye betri, taa itawaka saa tofauti kila betri inapobadilika.

Jaribio la mezani

Kusubiri Magharibi kila siku kujaribu mzunguko ni kupoteza wiki. Ondoa LDR na R5, kisha panga rezista ya 3.9k, potenshiometa ya 1k, na 3.9k nyingine mfululizo kutoka volti 12 hadi ardhini. Mkono wa potenshiometa uende pini 2. Sasa kuzungusha kitufe cha potenshiometa mwanzo hadi mwisho kunakupa volti 5.3 hadi 6.7 tu, ukanda tunaouhitaji, na unaweza kusogeza polepole kama jua linavyozama.

Anza bila kelele. Multimita moja iwe pini 2, na ukiwa na ya pili iweke pini 1. Teremsha kitufe polepole mpaka pato liruke juu, usome pini 2: iwe karibu na 5.7 V. Panda tena mpaka pato lianguke: iwe karibu na 6.3 V. Vipimo vikipishana na hesabu kwa zaidi ya volti 0.3 betri ikiwa volti 12, usiendelee, kuna waya au rezista si yake.

Sasa tia kelele. Simu yoyote yenye tundu la spika za masikio inatosha, ikicheza sauti ya hezi 100 kutoka programu ya kutoa toni. Usiiache kwenye chaja wakati wa jaribio. Ardhi ya plagi iungwe na ardhi ya mzunguko, na waya wa sauti upite kwenye kapasita ya 1 µF hadi pini 2, upande chanya wa kapasita ukielekea pini 2. Upande wa simu weka rezista ya 1k kutoka waya wa sauti kwenda ardhini, ili kapasita isiipige simu kwa volti 6 unapochomeka plagi. Weka multimita kwenye volti AC pale pini 2 na uongeze sauti mpaka isome milivolti 35. Hiyo ni kelele ya milivolti 100 toka kilele hadi bonde, ile ile tuliyoihesabu mwanzoni.

Chomoa R3 kwanza. Sogeza kitufe polepole na usome pini 1 kwa volti DC. Badala ya kuruka kutoka 0 hadi 12, utaona namba zikiteleza: 2, 5, 8. Hakuna volti 5 halisi pale. Ni pato linaloruka juu na chini mara 100 kwa sekunde, na multimita inakupa wastani. Hiyo ndiyo njia ya kuona kubabaika bila osiloskopu. Taa yenyewe utaiona imefifia, si kupepesa, kwa sababu jicho haliwezi kufuata kasi hiyo.

Rudisha R3 na urudie. Namba za katikati zimetoweka. Pato linaruka mara moja na kutulia. Utaona pia kwamba linaruka mapema kidogo, kwenye 5.76 V badala ya 5.71 V, kwa sababu bonde la kelele ndilo linalogusa kizingiti kwanza. Hilo ni la kawaida: histeresisi haifuti kelele, inazuia tu kelele isirudishe uamuzi.

Kisha tafuta mwisho wake. Weka kitufe katikati ya vizingiti, karibu 6.0 V, na uongeze sauti ya simu taratibu. Pengo la 0.56 V ni sawa na milivolti 198 kwenye kipimo cha AC, na hapo karibu utaona pini 1 ikianza tena kuonyesha volti za katikati. Kelele sasa ni pana kuliko pengo na inagusa vizingiti vyote viwili kila inapozunguka. Kwa kazi ya nje tunapendelea pengo liwe angalau mara tatu ya kelele iliyopimwa mahali penyewe, maana kelele ya leo mchana si ya kesho usiku pampu ya jirani ikiwashwa.

Kapasita inatosha peke yake?

Swali hili huulizwa sana, kwa kuwa kapasita ya 10 µF kati ya pini 2 na ardhi ni rahisi kuliko hesabu yote hii. Kwa LDR na R5 za 10k, inapunguza kelele ya hezi 100 kama mara 30. Milivolti 100 zinabaki 3 hivi. Lakini ishara yetu inatambaa milivolti 7 kwa sekunde, kwa hiyo bado inakaa karibu nusu sekunde ndani ya kelele iliyobaki, muda wa mizunguko zaidi ya 40. Relei itatatarika tu, ila kwa muda mfupi zaidi. Weka kapasita hiyo, inasaidia, lakini uamuzi uachie R3.

Na iwe pini 2. Kuna mafundi wanaoweka kapasita kwenye pini 3 ili “kutuliza rejea”. Hapo wanaichelewesha rejea isisogee wakati ule hasa inapotakiwa kuruka, na kubabaika kunarudi hata kama hesabu ya R3 ni sahihi.

Pengo lililoliwa na transista

Mzunguko huu ukijengwa kwa relei na transista ya kawaida badala ya mosfeti, vizingiti vinahama, na hili ndilo kosa linalowasumbua wengi bila kujua chanzo. Fomula yetu ya juu inadhani pato linafika volti 12. Beisi ya transista inavuta mkondo kupitia R4 na kuangusha pato hilo. Kwa rezista ya beisi ya 10k, pini 1 inaishia kama 8.4 V, kizingiti cha juu kinashuka hadi 6.11 V, na pengo linabaki 0.40 V. Kwa 1k, ambayo wengi huitia kwa mazoea, pini 1 inabaki chini ya volti 3, kizingiti cha juu ni 5.84 V, na pengo ni 0.13 V tu. Histeresisi iko kwenye mchoro, lakini kwenye waya haipo.

Dalili ni rahisi kuikamata: pima pini 1 taa ikiwa imewaka. Ikiwa haiko karibu na volti za betri, pengo limeliwa. Geti ya mosfeti haivuti mkondo ikishatulia, kwa hiyo tatizo hili halizuki.

Kuiweka kwenye daka

Chagua R5 kwa LDR uliyonayo mkononi, maana mbili za pakiti moja hutofautiana hata mara mbili. Jioni, mwanga ukifika pale unapotaka taa iwake, pima ukinzani wa LDR mahali itakapokaa, kisha gawanya kwa 1.1. Ikisoma 11k, R5 ni 10k.

LDR iangalie angani, isiione taa yake yenyewe. Taa ikiwaka na kumulika LDR zaidi ya ile theluthi, pini 2 itavuka kizingiti cha juu, taa itazima, giza litarudi, itawaka tena. Kubabaika huku ni tofauti na kule kwa kelele: ni kwa mapigo unayoweza kuyaona, mara kadhaa kwa sekunde au polepole zaidi ukiwa na kapasita ya 10 µF, na hakukomi utusitusi ukipita. Ukiifunika LDR kwa kidole na taa ikatulia imewaka, umepata chanzo. Itie ndani ya kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 5, mdomo ukielekea juu na pembeni mbali na taa, mbali pia na ukuta wa chokaa nyeupe unaorudisha mwanga.

Baada ya hapo tungebadilisha R3 kuwa 47k. Vizingiti vinakuwa 5.42 V na 6.53 V, pengo 1.11 V, na mwanga unaohitajika kuzima ni kama robo tatu zaidi ya ule wa kuwasha. Mahali penye utusitusi mrefu hilo lingefanya taa ikae sana asubuhi. Lamu na Malindi mwanga unapita pengo hilo kwa dakika mbili na nusu hadi tatu, na wingu la kusi linalopita halitaizima taa. Ukibadilisha, gawanya ukinzani wa LDR kwa 1.2 badala ya 1.1.

Usivutike kupandisha rezista zote hadi megaomu ili kuokoa betri. Chumvi ya bahari na unyevu hujenga utando unaopitisha umeme juu ya bodi, na kwenye megaomu utando huo ni rezista nyingine ndani ya hesabu yako. Kwa 10k hauna uzito. Safisha bodi kwa spiriti baada ya kusolda, ikauke, kisha ipake vanishi pande zote mbili, ukiziba pini 2 na 3 vizuri kuliko kwingine.